Homa iliyorudi sindano zilipokwisha: doksi, vidonge vya damu na kikombe cha maziwa

Mganga wa zamu alikuwa ameandika kwenye faili kwa kifupi: doksi imeshindwa, anzisha sipro, yaani antibiotiki ya doksisaiklini ibadilishwe kwa siprofloksasini. Faili lilifika dirishani kwetu, famasi ya hospitali ya wilaya, likiwa mkononi mwa mwenyewe: mfugaji wa miaka 52, amejifunga shuka, amekonda, na jasho linamtoka ingawa asubuhi ile ilikuwa na baridi. (Kisa hiki nimekiunganisha kutokana na wagonjwa wa aina moja ninaowaona, kwa hiyo asitafutwe mtu.)

Alikuwa na homa ya brusela. Kabla haijajulikana alikuwa ameshatibiwa malaria, kisha taifodi, kama inavyowatokea wengi wenye homa ya kupanda na kushuka, jasho la usiku na maumivu ya kiuno. Safari hii daktari alimuuliza juu ya mifugo. Alisema ng'ombe wawili walitupa mimba mwaka ule na kwamba nyumbani maziwa hunywewa mabichi. Kipimo cha damu kikathibitisha. Akaandikiwa sindano ya jentamaisini kila siku kwa siku 7, na doksisaiklini ya miligramu 100 mara mbili kwa siku kwa wiki 6. Kwa kuwa wingi wa damu ulikuwa 9.8, akaongezewa vidonge vya damu, yaani salfeti ya chuma miligramu 200, navyo mara mbili kwa siku.

Sindano zilipokuwa zikiendelea, homa ilishuka. Kufikia siku ya 7 alikuwa anakula vizuri, akaruhusiwa kwenda nyumbani na dawa za kumeza. Siku kumi na kitu baadaye jasho la usiku likarudi, kiuno kikaanza tena, na jioni joto likafika nyuzi 38.6. Wiki ya tatu ya dozi ndipo akarudi hospitali.

Mganga aliyeandika sipro hakuwa mzembe. Mgonjwa amemeza dawa wiki mbili na zaidi na homa imerudi, kwa hiyo kubadilisha dawa ni wazo la kwanza la mtu yeyote. Mimi kilichonisimamisha ni mpangilio wa siku. Homa ilishuka wakati wa sindano na ikarudi sindano zilipokwisha. Dawa ya sindano haipiti tumboni wala haijali mgonjwa amekula nini, lakini ya kumeza lazima ivuke ukuta wa utumbo kwanza. Ugonjwa ukitulia kwa ile ya sindano na kuamka mara tu ile ya kumeza inapobaki peke yake, kabla ya kusema kimelea ni sugu inafaa kujua kwanza kama dawa ya kumeza iliwahi kufika kwenye damu.

Nilimwomba afungue mfuko wake. Tukahesabu vidonge pamoja juu ya meza. Doksi zilizobaki zililingana kabisa na siku zilizopita, hakuruka hata kimoja. Vidonge vya damu navyo vililingana. Chini ya mfuko kulikuwa na karatasi ya dawa nyingine ambayo haikuandikwa kwenye faili: vidonge vikubwa vyeupe vya kutafuna, vya kiungulia, alivyonunua duka la dawa muhimu kijijini.

"Baba, hebu nieleze siku yako tangu unaamka. Dawa unameza saa ngapi, na unameza na nini?"

"Naamka saa kumi na moja kukamua. Nikirudi, mke wangu ananipa maziwa, namezea hivi viwili pamoja, cha njano na hiki chekundu. Vyote si mmeandika moja mara mbili? Na jioni hivyo hivyo, nalala. Kikianza kuchoma hapa," akagusa kifua, "natafuna hiki cheupe."

Swali hili huwa naliuliza hivyo, kwa kumwacha mtu asimulie siku yake. Ukimuuliza "unatumia dawa vizuri?" atajibu ndiyo, na huyu angekuwa amesema kweli tupu. Alifuata kila tulichomwandikia. Bahasha zote mbili zilisomeka 1×2, na mtu mwenye akili akipewa bahasha mbili zenye maandishi yale yale atazimeza kwa mkupuo mmoja. Jambo ambalo bahasha haikusema ni kwamba hizo mbili hazikai tumbo moja kwa wakati mmoja.

Dawa zote za jamii ya tetrasaiklini, doksi ikiwemo, zina upande mmoja wa molekuli uliopangwa oksijeni kwa mstari. Oksijeni hizo hukamata madini yenye chaji mbili au tatu kama koleo linavyokamata kaa la moto: kalsiamu, magnesiamu, zinki, chuma, aluminiamu. Kwinoloni, yaani sipro na ndugu zake, zimejengwa tofauti kabisa, lakini nazo zina oksijeni zinazokaa jirani kwa namna inayoshika madini yale yale. Dawa ikishashikana na madini hupata umbo na chaji ambavyo utando wa utumbo hauvipitishi kwa urahisi, na mara nyingi kinachotokea hakiyeyuki vizuri. Hushuka chini na kutoka na choo. Hakuna sumu iliyotengenezwa na mgonjwa hasikii chochote. Ndiyo maana mgongano huu haujitangazi: hakuna upele, hakuna kutapika, ni dozi tu iliyopungua kimyakimya.

Nguvu ya mshiko hutofautiana. Madini yenye chaji tatu, kama aluminiamu na chuma kilichooksidika, hushikwa kwa nguvu zaidi kuliko magnesiamu na kalsiamu. Hapa ndipo watu wengi, wakiwemo wahudumu, hukosea uzito. Wanapiga vita maziwa na kuacha chuma kipite. Hebu tumpigie hesabu mgonjwa wetu. Kidonge cha salfeti ya chuma cha miligramu 200 kina takriban miligramu 65 za chuma chenyewe. Ukigeuza kuwa idadi ya chembe, kila molekuli ya doksi ilikutana na chembe kama 5 za chuma. Kikombe kikubwa cha maziwa, robo lita, kina kalsiamu kama miligramu 300, na hizo ni zaidi ya chembe 30 za kalsiamu kwa kila molekuli moja ya doksi. Kwa idadi peke yake, maziwa ndiyo yangeonekana adui mkubwa. Lakini doksi hushika kalsiamu kwa ulegevu kuliko tetrasaiklini ya zamani, na ikikutana na maziwa hupoteza kama moja ya tano tu ya dozi. Tetrasaiklini ile ya zamani ndiyo hupoteza nusu au zaidi kwa maziwa, na onyo kali la maziwa tulilorithi linatokana nayo.

Chuma ni habari nyingine. Mwaka 1970 watafiti wa Ufini, Neuvonen na wenzake, waliwapa watu dawa za jamii hii pamoja na chuma kisha wakapima damu. Tetrasaiklini ilishuka kwa asilimia 40 hadi 50. Doksi ilishuka kwa asilimia 80 hadi 90. Yaani doksi, ambayo inastahimili maziwa kuliko dada yake, ndiyo inayoumizwa zaidi na chuma. Ukichukua kiwango cha chini, asilimia 80, kila kidonge cha miligramu 100 alichomeza mzee huyu kilimfikishia miligramu 20. Kwa siku ni 40 badala ya 200, sawasawa na kumeza kidonge kimoja kila baada ya siku mbili na nusu. Na hapo bado sijaweka kile cheupe cha kutafuna. Vidonge vya kiungulia vya aina ile huwa na magnesiamu trisilikati pamoja na hidroksidi ya aluminiamu, kwa hiyo kila kilichonusurika kwenye chuma kilikutana na madini mengine mawili.

Chuma nacho hupotea. Mshiko ni wa pande mbili, kwa hiyo sehemu ya chuma alichopewa kuongeza damu ilitoka pamoja na doksi.

Nilipompigia mganga simu nikamweleza, jibu lake lilikuwa la haki: "Sawa, basi si ndiyo sababu nyingine ya kumpa sipro?" Hilo ndilo swali lililonifanya niandike kisa hiki, maana kubadilisha dawa huku mfuko ukibaki ule ule kungempeleka pabaya zaidi.

Sipro na chuma: salfeti ya chuma ikitumiwa mara tatu kwa siku, kiasi cha sipro kinachofika kwenye damu hushuka kwa karibu theluthi mbili. Sipro na maziwa au mtindi ukinywewa peke yake bila chakula: hupungua kwa theluthi moja hivi, kwa hiyo maziwa yale ambayo doksi ingeyavumilia, sipro haiyavumilii. Sipro na dawa ya kiungulia yenye magnesiamu na aluminiamu ndiyo mbaya kuliko zote, na takwimu zake zinafundisha. Mwaka 1989 Nix na wenzake waliwapa watu dawa ya kiungulia kwa saa tofauti kabla na baada ya sipro. Ikitangulia kwa dakika 5, sipro iliyoingia mwilini ilikuwa asilimia 15 tu ya kawaida. Ikitangulia kwa saa 2, asilimia 23. Ikitangulia kwa saa 4, asilimia 70. Ilipotangulia kwa saa 6 ndipo sipro ikaingia yote. Lakini walipogeuza, sipro ikatangulia na dawa ya kiungulia ikafuata saa 2 baadaye, hakuna kilichopotea.

Mgonjwa anayeambiwa "tenganisha kwa saa mbili" bila kuambiwa kipi kitangulie anaweza kutenganisha kwa uaminifu na bado akapoteza robo tatu ya dozi. Sababu iko kwenye mwendo wa vitu tumboni. Sipro hunyonywa haraka, sehemu ya juu ya utumbo mwembamba, na ndani ya saa moja au mbili kazi kubwa imekwisha. Kitakachofuata baada ya hapo kinakuta njia tupu. Dawa ya kiungulia haina haraka. Unga wake hubaki tumboni na kwenye kuta za utumbo kwa saa nyingi, ukingoja. Basi dawa ya kuua vimelea itangulie, saa 2 zipite, ndipo madini yafuate. Na madini yakishatangulia, kwa sipro ngoja saa 6.

Kwa mtu anayemeza sipro saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, hilo linamwachia mlango mmoja mchana: kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 6 mchana. Baada ya saa 6 mchana, chochote chenye aluminiamu, magnesiamu au chuma kinaanza kula dozi ya jioni. Usiku mlango hufunguka saa 2 na kufungwa saa 6. Levofloksasini ni nafuu zaidi, maana humezwa mara moja kwa siku na maelekezo yake yanataka saa 2 kabla au baada. Mgonjwa ambaye lazima abaki na madini fulani, kama ugonjwa wake unaruhusu kuchagua, nafasi ya kukosea inapungua sana akiwa na dozi moja kwa siku.

Mganga akakubali kwamba sipro ingoje. Lakini akaniuliza jambo ambalo mfamasia anaweza kulisahau akishapenda maelezo yake mwenyewe: je, kama si dawa? Brusela inaweza kujificha kwenye uti wa mgongo au kwenye moyo, na hapo hata dozi kamili ya wiki 6 haitoshi. Inaweza pia kuwa ameambukizwa upya, maana nyumbani maziwa bado ni mabichi. Kurudia kipimo cha damu kusingetusaidia, kwa sababu chembe za kinga hubaki juu kwa miezi hata kwa mtu aliyepona. Kiwango cha doksi kwenye damu hakipimwi hospitali yetu. Kwa hiyo akampiga picha ya uti wa mgongo, akausikiliza moyo kwa makini, akapima malaria na figo. Picha haikuonyesha kitu, moyo ulikuwa safi, malaria hakuna. Mfuko wa dawa ukabaki maelezo yenye nguvu kuliko mengine, ingawa hayakuwa ya uhakika.

Kazi ikawa kupanga upya. Jambo la kwanza nililopendekeza ni kuviondoa kabisa vidonge vya damu hadi doksi iishe. Wenzangu wengi wangevihamishia mchana tu, na kwa sipro ningefanya hivyo hivyo. Kwa doksi kuna kikwazo. Baada ya kuingia kwenye damu, doksi hurudi tena kwenye utumbo, kwa njia ya nyongo na kupitia ukuta wenyewe, kisha sehemu hunyonywa upya. Chuma kikiwa kinapita wakati huo kinaikamata njiani. Watafiti wale wale wa Ufini waliona mwaka 1974 kwamba hata doksi ikidungwa mshipani, chuma kinachomezwa hufupisha muda wake mwilini: nusu ya dawa iliyokuwa ikichukua saa 16.6 kuondoka ilichukua saa 11. Kwa hiyo hakuna saa ya siku ambayo chuma hakiigusi doksi kabisa. Kutenganisha kunaokoa sehemu kubwa, hakuokoi yote.

Damu ya 9.8 si ya dharura. Zaidi ya hapo, mwili wenye maambukizi ya muda mrefu hufunga mlango wa chuma: ini hutoa homoni inayozuia utumbo kukinyonya, hivyo vidonge vingefanya kazi ndogo hata bila doksi. Tulikuwa tunahatarisha dawa ya ugonjwa kwa ajili ya chuma ambacho mwili haukukitaka wakati ule. Kama damu ingekuwa chini zaidi na chuma kinatakiwa, ningekiweka saa 6 mchana, katikati ya dozi mbili za saa 12, kidonge kimoja tu tena siku moja ndiyo na moja hapana, nikijua kuna kiasi kinachopotea.

Jambo la pili lilikuwa kiungulia. Kumnyang'anya mtu kile cheupe bila kumwondolea moto kifuani ni kumtuma akanunue kingine. Tukatafuta moto ulikotoka. Doksi ni kali kwa umio, na kidonge kikikwama njiani kinachoma kidonda. Yeye alikuwa anameza cha jioni kwa funda mbili na kulala hapo hapo. Maelekezo yakawa: bilauri nzima ya maji, ukiwa umekaa au umesimama, baada ya kula kitu, na usijilaze kabla ya saa nzima kupita. Ndiyo maana dozi ya jioni tuliihamisha mbali na kitanda. Kiungulia kikiendelea, daktari angempa omeprazoli, ambayo hupunguza asidi bila kuleta madini yoyote tumboni. Dawa zote za kiungulia haziko kundi moja, na wanunuzi wachache sana dukani wanaambiwa hivyo.

Maziwa sikuyakataza, na hapa najua wapo watakaonipinga. Kwa mtu huyu maziwa ni chakula, na wiki 6 ni nyingi. Ukimwambia aache kabisa, siku ya nne atakunywa, na akishaona ameivunja amri moja atazilegeza nyingine. Doksi inapoteza kidogo kwa maziwa, na hata hicho kidogo kinaokolewa kwa kuyasogeza saa mbili. Tulichosisitiza ni yachemshwe mpaka yachemke kweli, kwa ajili ya brusela. Mkewe, aliyekuwa amekaa pembeni muda wote, akauliza swali zuri: "Tukichemsha, si hata hiyo shida ya dawa inaisha?" Haiishi, mama. Moto unaua vijidudu, kalsiamu inabaki palepale. Maziwa ya mgando ni hivyo hivyo, na chai ya maziwa pia ihesabiwe kuwa maziwa.

Siku yake mpya ikawa hivi. Saa 12 asubuhi, akishatoka kukamua, anakula kiporo cha ugali au kiazi na kumeza doksi kwa maji. Saa 2 anakunywa maziwa yaliyochemshwa. Saa 12 jioni, ng'ombe wakiingia boma, anakula kidogo na kumeza doksi ya pili kwa maji. Saa 2 usiku maziwa na chakula cha familia, kisha ndipo kulala. Kwenye bahasha sikuandika 1×2. Niliandika "saa 12 asubuhi kwa maji, ng'ombe wakishakamuliwa" na "saa 12 jioni kwa maji, ng'ombe wakiingia", na chini yake, "si pamoja na maziwa, vidonge vya damu wala dawa ya kiungulia". Yeye hasomi sana, ila binti yake anasoma, na ng'ombe hawakosi saa.

Daktari alianza kuhesabu wiki 6 upya kuanzia siku ile, akarudia na sindano za jentamaisini kwa siku 7 kwa kuwa figo zilikuwa nzuri. Homa ilikata ndani ya wiki. Hilo peke yake halithibitishi chochote, sindano zingeweza kuishusha kama mara ya kwanza. Kipimo chetu kilikuwa wiki ya pili na ya tatu, pale ambapo awali homa ilirudi. Safari hii haikurudi. Hata hivyo siwezi kutenganisha kwa uhakika kilichofanywa na ratiba na kilichofanywa na raundi ya pili ya sindano au maziwa kuchemshwa. Brusela inaweza kurudi hata baada ya matibabu sahihi, mara nyingi ndani ya miezi 6, kwa hiyo aliambiwa arudi hata akijisikia mzima.

Watu wanaokutwa na mgongano huu si wale tunaowategemea. Tukisikia vidonge vya damu tunawaza wajawazito, na wajawazito kwa kawaida hawapewi doksi wala sipro. Anayeumia ni mama aliyeshajifungua, bado anamalizia vidonge vyake vya kliniki, akapata maambukizi na kuandikiwa sipro. Ni mzee wa vidonda vya tumbo mwenye chupa ya dawa ya maji ya kiungulia mfukoni. Ni mtoto anayeharisha damu: sipro anapewa kwa siku 3, na zinki anapewa kwa siku 10 hadi 14, zote mbili kwa mujibu wa mwongozo, na mama anaziyeyusha kwenye kijiko kimoja. Kwa mtoto huyo huwa naomba sipro ianze asubuhi na jioni, na zinki isubiri saa 4 asubuhi.

Mfugaji wetu alimaliza wiki zake 6 bila kidonge hata kimoja cha damu. Tulipopima alikuwa na 11.9. Maambukizi yalipotulia, mwili ulianza kutumia chuma chake wenyewe, na daktari akaona vile vidonge vyekundu vilivyokuwa vimebaki virudishwe famasi.